Kiini Kinapobaki Bakulini

Mkate wa mayai wa Mombasa, Lamu na Unguja, ule unaonukia hiliki na kuliwa kwa chai, kwa desturi hautiwi hamira wala beking pauda. Una mayai, sukari na unga wa ngano, basi. Kinachouinua ni hewa ambayo mpishi ameiingiza kwenye mayai kwa kuyapiga. Wafaransa wana keki ya namna hiyohiyo, jenwazi, iliyopewa jina la mji wa Genova wa Italia, na juu yake hujengwa keki zao nyingi za tabaka za krimu na matunda. Wamarekani nao, tangu nusu ya pili ya karne ya 19, wana keki ya malaika: nyeupe pe, nyepesi, isiyotiwa kiini wala tone la siagi.

Zote tatu ni keki za povu. Mpishi akikosea kulitengeneza povu hilo, hakuna unga wala moto utakaomwokoa. Lakini anayedhani kwamba aliyeweza moja ameweza zote hushangaa. Keki moja humtaka apashe mayai moto, nyingine haina haja. Moja hupikwa kwenye chombo kilichopakwa siagi, nyingine huharibika kwa sababu ya siagi hiyohiyo. Moja hutolewa kwenye chombo ingali na moto, nyingine hupinduliwa kichwa chini hadi ipoe kabisa. Masharti hayo yanaonekana kama mila za jikoni zisizo na sababu, kumbe karibu yote yanatoka mahali pamoja: kiini kimo bakulini au kimetolewa.

Ute wa yai ni maji kwa sehemu tisa katika kumi, na sehemu iliyobaki ni protini. Unapopigwa, protini hizo hukunjuka na kushikana, zikafanya utando mwembamba kuzunguka kila kiputo cha hewa. Ndiyo maana ute peke yake unaweza kufura hadi karibu mara nane ya ujazo wake wa mwanzo, ukasimama wima hata bakuli likipinduliwa. Kiini ni kitu kingine kabisa. Karibu theluthi yake ni mafuta, na mafuta hukimbilia palepale protini zinapotaka kukaa, yaani kwenye ngozi ya kiputo. Yakishaingia hapo, utando hushindwa kushikana. Tone moja la kiini lililoponyoka wakati wa kutenga mayai linatosha kulichelewesha povu la ute na kulipunguza.

Basi mtu atauliza: ikiwa tone moja linaharibu, inakuwaje viini vyote vinne vikiachwa ndani bado keki inapanda?

Jibu ni kwamba povu la mayai mazima halisimami kwa nguvu zilezile. Mafuta ya kiini hayaelei huru. Yamefungwa katika chembe ndogo sana pamoja na protini na lesithini, kitu kinachoyapatanisha mafuta na maji. Sukari ikishayeyuka humo, mchanganyiko mzima huwa mzito kama shira, na uzito huo ndio unaovizuia viputo visipande juu na kupasuka. Povu hilo halitasimama wima hata likipigwa hadi jioni. Litakuwa laini, lenye kutiririka, na ujazo wake utakuwa kama mara tatu ya ule wa mwanzo. Inatosha kwa keki, ila ni povu linalohitaji msaada, na msaada wenyewe ni joto.

Yai lililotoka kwenye jokofu lina kiini kizito, na sukari huyeyuka humo polepole. Mpishi anaweza kupiga kwa muda mrefu akapata rojo ya njano iliyolegea, yenye viputo vikubwa vinavyopasuka. Mchanganyiko ukipashwa hadi nyuzi 40 au 45 za Selsiasi, mambo hubadilika. Kiini hulegea, sukari huyeyuka yote, na hewa huingia kwa urahisi katika viputo vidogovidogo. Bakuli huwekwa juu ya sufuria yenye maji yanayofuka mvuke, chini ya bakuli pasiguse maji, na mkono usiache kukoroga. Asiye na kipimajoto achovye kidole: mchanganyiko uwe na joto kidogo kuliko kidole chenyewe, na ukisuguliwa kati ya vidole viwili isisikike chembe ya sukari. Ukizidi hapo, hasa ukikaribia nyuzi 60 na kuendelea, yai huanza kuiva pembeni mwa bakuli na kuacha vinyuzi vyeupe ambavyo havitoki tena.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mapishi vilivyoandikwa katika nchi za baridi havilisemi. Mpishi wa pwani anayepiga mkate wa mayai bila kupasha chochote hafanyi kosa. Mayai yake yamekaa rafuni katika jiko lenye joto la nyuzi 30, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kupasha moto imeshafanywa na hali ya hewa. Anayetoa mayai kwenye jokofu, au anayepika Nairobi asubuhi ya Julai, ndiye anayehitaji ile sufuria ya maji ya moto.

Tuchukue jenwazi moja na kuifuata hadi mwisho. Kwa chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20 zinahitajika mayai 4 ya kawaida, ambayo bila maganda ni kama gramu 200, sukari gramu 120, unga wa ngano gramu 120 na siagi gramu 40. Unga wetu mwingi wa dukani umekusudiwa chapati na maandazi, nao una protini nyingi kuliko keki hii inavyopenda. Ukiondoa gramu 30 za unga na kuweka konflawa badala yake, keki hutoka laini zaidi. Oveni iwashwe mapema ifikie nyuzi 180, na chombo kipakwe siagi na kunyunyizwa unga, au kitandikwe karatasi. Yote haya yawe tayari kabla yai la kwanza halijavunjwa, kwa sababu povu likishakuwa tayari halimsubiri mtu atafute chombo kabatini.

Mayai na sukari hupashwa moto kama ilivyoelezwa, kisha bakuli huondolewa juu ya mvuke na kupigwa kwa mashine kwa kasi. Dakika za mwanzo hazitii moyo: rojo ni ya njano, ina mapovu makubwa kama ya sabuni. Kufikia dakika ya tano hivi rangi imefifia na kuelekea weupe wa krimu, na mashine inaanza kuacha michirizi. Kati ya dakika ya nane na ya kumi bakuli limepoa na povu limefika mara tatu. Hapo mpishi hainui macho kwenye saa, huinua mchapo. Povu linaanguka kutoka kwenye mchapo kama utepe mnene, linajikunja juu ya lile lililo bakulini, na alama yake inabaki ikionekana kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Utepe ukizama papo hapo, povu halijawa tayari. Ukibaki ukionekana wazi, mashine ipunguzwe kasi na kuachwa dakika moja au mbili zaidi. Kasi hiyo ndogo huvivunja viputo vikubwa na kuacha vidogo vinavyolingana, na keki itakayotoka itakuwa na matundu membamba.

Kisha unakuja unga, na hapa ndipo jenwazi nyingi hufa. Unga huchekechwa juu ya povu mara tatu, kidogokidogo, na kila mara huchanganywa kwa mwiko mpana unaoshuka katikati, ukapita chini ya bakuli na kupanda pembeni huku mkono wa pili ukilizungusha bakuli. Unga ni mzito kuliko povu, hivyo hujificha chini. Asiyefika chini ataukuta katika keki iliyoiva kama vidonge vyeupe vikavu. Anayeogopa vidonge na kuchanganya kupita kiasi hupata balaa la upande wa pili: povu linashuka, rojo inakuwa nyembamba na kung'aa, na keki inatoka fupi yenye kutafunika kama mpira. Mkono uache mara tu mstari wa mwisho wa unga unapopotea.

Siagi nayo ina hila yake. Imeyeyushwa, ina joto bila kuchemka, na ikimiminwa moja kwa moja juu ya povu huzama chini kama jiwe, ikiponda viputo njiani. Wapishi waliofunzwa huchota mwiko mmoja mkubwa wa rojo, huuchanganya na siagi katika kibakuli cha pembeni hadi viwe kitu kimoja, ndipo hurudisha mchanganyiko huo bakulini na kuukunja mara chache. Keki iliyokatwa na kuonyesha mstari wa njano, mgumu na wenye unyevu chini kabisa, inamwambia mpishi kwamba siagi ilizama. Mkate wa mayai wa pwani unaikwepa hatari hii kwa kutotia siagi ndani kabisa. Samli hupakwa kwenye chombo tu.

Rojo huingia ovenini papo hapo na kukaa kama dakika 25, na mlango usifunguliwe katika dakika 15 za mwanzo. Hewa iliyo ndani ya viputo hutanuka, maji hugeuka mvuke na kuvipanua zaidi, kisha protini za yai na wanga wa unga huganda na kuzishika kuta za viputo hivyo. Keki ikiiva hurudi ikibonyezwa kwa kidole, na kingo zake huanza kujitenga na chombo. Protini za kiini na mafuta yake zimeifanya iwe na umbo linalojishika lenyewe, kwa hiyo baada ya dakika tano au kumi inaweza kupinduliwa juu ya waya na kutolewa.

Mtu akiionja ikiwa tupu anaweza kusikitika. Jenwazi ni kavu. Siagi ile ni kidogo na sukari si nyingi, ndiyo maana haikukusudiwa kuliwa hivyo. Hukatwa tabaka mbili au tatu na kila tabaka hunyweshwa shira ya sukari na maji kwa vipimo sawa, iliyotiwa vanila, maji ya chungwa au maji ya waridi, ndipo krimu ifuate. Keki yenye mafuta mengi ingegeuka uji kwa shira hiyo. Jenwazi huinywa na kubaki imesimama, na kwa maoni ya mwandishi huyu hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Anayeilaumu kwa ukavu bila kuinywesha hajaitendea haki.

Keki ya malaika huanza kwa kuondoa kila kitu kilichokuwa kikileta shida. Ute wa mayai 12, kama gramu 360, sukari gramu 300, unga gramu 110, na kitu kichachu. Wamarekani hutumia unga mweupe mchachu unaopatikana katika utengenezaji wa mvinyo. Kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu hufanya kazi hiyo vizuri. Uchachu huo huzizuia protini zisishikane kwa nguvu kupita kiasi, na pia huifanya keki iwe nyeupe badala ya manjano hafifu.

Ni rahisi kutenga ute yai likiwa baridi, maana kiini hakipasuki ovyo, lakini ni rahisi kuupiga ukishaacha ubaridi. Kwa hiyo mayai hutengwa yakitoka kwenye jokofu, kisha ute huachwa mezani nusu saa. Zaidi ya hapo hauhitaji moto, kwa sababu hakuna kiini kizito cha kulegezwa. Kinachohitajika ni usafi. Bakuli la plastiki hubaki na mafuta hata likioshwa, hivyo la chuma au la kioo ni bora, lifutwe kwanza kwa ndimu au siki. Usafi wa namna hii hauna maana kubwa kwa jenwazi, ambayo mafuta yake yamo ndani tangu mwanzo.

Tazama sasa sukari. Katika jenwazi ilikuwa sawa na unga. Hapa inakaribia mara tatu ya unga. Nusu yake huingia kwenye ute kijiko baada ya kijiko ute ukishaanza kutoa povu, na nusu huchanganywa na unga ili unga uingie bila kufanya vidonge. Sukari hiyo yote si kwa ajili ya utamu tu. Hulipa povu unyevu na ulegevu, hulizuia lisitoe maji, na ovenini huchelewesha kuganda kwa protini ili viputo vipate muda wa kutanuka. Anayeipunguza kwa nusu ili keki isiwe tamu mno ataondoa nguzo ya nyumba.

Kosa linalowapata wengi hapa ni kinyume cha lile la jenwazi. Mayai mazima ni vigumu kuyapiga kupita kiasi. Ute ni rahisi mno. Mpishi akiona povu likiwa jeupe, linang'aa, na ncha yake inajikunja mchapo unapoinuliwa, aache. Tamaa ya kuendelea hadi ncha isimame kama msumari ndiyo inayoua keki hii. Povu lililopitiliza hupoteza mng'ao, hukatika vipande kama pamba, na maji huanza kukusanyika chini ya bakuli. Tando za viputo vyake zimeshavutwa hadi mwisho. Zikifika ovenini hazina nafasi ya kutanuka tena, hivyo hupasuka, na keki iliyopanda vizuri huanguka. Huko Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hatari ni kubwa zaidi kuliko Mombasa, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo na viputo hutanuka zaidi. Mpishi wa huko aache kupiga mapema kidogo, ncha ikiwa bado laini, na apunguze kijiko kimoja au viwili vya sukari.

Chombo chake ni kirefu na kina bomba katikati, ambalo hupeleka moto ndani ya keki ambako ungechelewa kufika. Hakipakwi kitu. Rojo isiyo na mafuta hupanda kwa kushika ukuta wa chombo, ikijivuta juu. Ukuta ukiwa na siagi, keki huteleza na kushuka. Huiva kwa nyuzi 170 hivi kwa dakika kama 40, na ikitoka hupinduliwa kichwa chini papo hapo, chombo kikisimama kwa miguu yake au bomba likivikwa kwenye shingo ya chupa. Mgeni akiingia jikoni wakati huo atadhani kuna ajali. Lakini keki hii haina mafuta wala protini za kiini, ina unga kidogo, na ingali na moto kuta zake ni laini sana; ikiachwa wima hujikandamiza kwa uzito wake yenyewe. Ikining'inia, uzito huohuo huivuta na kuinyoosha hadi igande, na hilo huchukua saa moja au zaidi. Kisu cha meno hupitishwa pembeni ndipo itoke, na hukatwa kwa kisu hichohicho kwa kusukuma na kuvuta, maana kisu cha kawaida huibonyeza hadi ikawa bapa.

Tofauti hizo huonekana mezani pia. Kipande cha keki ya malaika kina unyevu na uvutano, ni kitamu sana, na ladha ya yai haimo. Kikiliwa na embe au nanasi lenye uchachu hupata mizani. Shira haikifai, kwa kuwa sukari imeshajaa. Kipande cha jenwazi kina rangi ya dhahabu, harufu ya yai na siagi, na hushika krimu bila kulegea.

Kuna aliyetaka faida za pande zote mbili. Harry Baker wa Los Angeles alibuni mwaka 1927 keki ya shifoni, ambayo viini vyake huchanganywa na mafuta ya maji na unga katika bakuli moja, na ute ukapigwa peke yake katika bakuli lingine kabla ya kuunganishwa. Alificha siri yake kwa miaka 20, akaiuza kwa kampuni ya General Mills mwaka 1947. Keki hiyo hupikwa na kupinduliwa kama ya malaika, lakini ina ulaini wa mafuta. Gharama yake ni mabakuli mawili na kazi mara mbili.

Suala la gharama halikwepeki. Jenwazi hula mayai manne na haitupi kitu. Keki ya malaika hula mayai 12, na ikishaingia ovenini viini 12 hubaki mezani vikitazamana na mpishi. Vifunikwe kwa maji kidogo ili visikauke na viwekwe kwenye jokofu. Vitakaa siku mbili. Viini sita na nusu lita ya maziwa hutoa kastadi nzito ya kuliwa na keki yenyewe, na sita vilivyosalia vinaingia vizuri kwenye pudini ya maziwa au aiskrimu ya nyumbani.